Herufi nazisoma zote, lakini najigonga kwenye miimo ya milango

SWALI

Daktari, salaam. Mimi ni mwanamume wa miaka 44. Tangu mwaka jana ninaumwa kichwa karibu kila siku, nyuma ya macho na kwenye paji la uso, na niliambiwa ni kipandauso. Miezi ya karibuni nimeanza kujigonga mabega kwenye miimo ya milango, upande wa kulia na wa kushoto, na mke wangu analalamika kwamba akinijia kwa ubavuni simwoni mpaka aniguse. Nilipopimwa macho nilisoma herufi zote mpaka mstari wa chini, nikaambiwa ni mazima. Picha ya CT ya kichwa ilisomwa kuwa ya kawaida, na TSH, kile kipimo cha tezi ya shingo, nacho kikatoka vizuri. Hata hivyo nimekuwa mchovu, nahisi baridi kuliko wenzangu, na hamu ya tendo la ndoa imepungua mno. Haya nimeyahesabia umri. Sasa muuguzi mmoja ameniambia huenda shida iko kwenye tezi ya pituitari. Inawezekanaje, ilhali vipimo vyote viko sawa? Na kama inawezekana, ni vipimo gani vinavyothibitisha, na nianze na kipi?

Mwenye Kichwa Kizito

JIBU

Ndugu yangu, inawezekana kabisa, na muuguzi huyo amefikiri vizuri. Vipimo vitatu ulivyofanyiwa si vibaya, ila hakuna hata kimoja kati yake kilichoundwa kujibu swali lililoko mbele yako. Kipimo unachopaswa kuanza nacho ni kile cha eneo la kuona, kinachofanywa kwa mashine, jicho moja baada ya jingine. Kifanyike wiki hii, na wala si pale nafasi itakapopatikana, kwa kuwa neva ya macho ikigandamizwa kwa muda mrefu hufika mahali ambapo hata mgandamizo ukiondolewa hairudi ilivyokuwa.

Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo chenye mfupa mbele, nyuma na chini, lakini si juu. Kwa hiyo uvimbe ukiota ndani yake, njia rahisi ya kukua ni kuelekea juu, na huko juu, umbali wa takriban sentimita moja, ndiko zinakokutana neva mbili za macho kabla ya kuingia ubongoni. Katika makutano hayo nyuzi za kila jicho hugawanyika. Zile zinazotoka nusu ya retina iliyo upande wa pua huvuka kwenda upande wa pili, na zile za nusu iliyo upande wa sikio huendelea moja kwa moja bila kuvuka. Nusu ya retina iliyo upande wa pua ndiyo inayoona vitu vya upande wa nje, yaani upande wa sikio. Uvimbe unaosukuma katikati ya makutano huzipata hizo nyuzi zinazovuka, na matokeo yake jicho la kulia hupoteza uoni wa upande wa kulia na la kushoto hupoteza wa upande wa kushoto. Tena, kwa kuwa mgandamizo unatoka chini, mara nyingi kinachotangulia kupotea ni robo ya juu ya upande wa nje, kisha upotevu hushuka taratibu.

Hapo unaweza kuona ni kwa nini herufi za ukutani hazikukufichua. Kusoma herufi hupima kitovu cha kuona tu, na kitovu hicho kinaweza kubaki kizima, 6/6, hata pale nusu nzima ya nje ya kila jicho inapokuwa imefifia. Kuna na jambo la pili ambalo huwadanganya wagonjwa wenyewe. Jicho moja huona takriban digrii 60 kuelekea upande wa pua na digrii 90 au zaidi kuelekea upande wa sikio. Macho yote mawili yakiwa wazi, sehemu kubwa ya kile alichopoteza mtu kwenye jicho la kushoto hufidiwa na upande wa pua wa jicho la kulia, na kinachokosekana kabisa ni ule ukingo wa mbali wa nje. Mtu haoni giza wala pazia. Anajikuta tu anagonga miimo, anamwaga kikombe kilichokuwa pembeni mwa mkono wake, au anashtushwa na gari lililotokea ubavuni. Wengine husema mistari ya maandishi inahama wanaposoma, au wanashindwa kutunga uzi kwenye sindano, kwa sababu macho mawili hayana tena eneo la kutosha wanaloliona kwa pamoja ili kukadiria umbali.

Kabla hujafika kwenye mashine, kuna jaribio ambalo daktari yeyote anaweza kulifanya akiwa kitini, na hata mke wako anaweza kukusaidia kulifanya, mradi lisichukuliwe kuwa mbadala wa mashine. Mketi mkitazamana, umbali wa kama mita moja. Wewe uzibe jicho lako la kushoto, naye afumbe lake la kulia, na wewe umtazame pua bila kuhamisha jicho. Kisha anyooshe mkono pembeni, katikati ya umbali uliopo kati yenu, na kuuleta polepole kuelekea katikati huku akitikisa kidole, akianza upande wa nje juu, halafu upande wa nje chini, halafu upande wa pua. Kama yeye anakiona kidole mapema na wewe unakiona pale kinapokaribia kuvuka mstari wa katikati, hilo ni jambo la kupeleka hospitalini. Jaribio la rangi lina makali zaidi. Atwae vitu viwili vyekundu vinavyofanana, vizibo viwili kwa mfano, avishike kimoja kila upande wa pua yake kwenye usawa wa macho, na wewe, ukiwa umeziba jicho moja, useme kama wekundu wao ni sawa. Mtu mwenye mgandamizo kwenye makutano mara nyingi husema kile cha upande wa nje kimepauka au kina rangi ya kahawia, hata kabla hajaacha kukiona. Jaribio likitoka sawa halikuondolei shaka, kwa sababu linakosa upotevu mdogo. Likitoka baya linaongeza haraka.

Mashine yenyewe haiumizi. Utaweka kidevu kwenye kiegemeo, jicho moja limezibwa, utazame taa ya katikati, na kila unapohisi nukta ya mwanga popote pale ubonyeze kitufe. Kila jicho huchukua dakika chache. Karatasi inayotoka huonyesha pia ni mara ngapi jicho lako lilitoka kwenye taa ya katikati na mara ngapi ulibonyeza bila mwanga kuwapo. Makosa hayo yakiwa mengi, kipimo kinarudiwa siku nyingine ukiwa umepumzika, maana ramani iliyochorwa na mtu mchovu haifai kujengewa uamuzi. Katika ramani nzuri, alama ya kutafuta ni weusi unaokoma ghafla kwenye mstari wa wima unaopita katikati, kwa macho yote mawili, kila moja upande wake wa nje.

Mstari huo wa wima una thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wagonjwa wa aina yako hupewa mara nyingine jina la presha ya macho, wakatiwa matone kwa miaka huku uvimbe ukikua. Presha ya macho nayo hula uoni wa pembeni, lakini upotevu wake kwa kawaida huanza upande wa pua, hufuata umbo la upinde, na hukoma kwenye mstari wa mlalo. Upotevu unaoheshimu mstari wa wima hautoki ndani ya jicho. Unatoka kwenye makutano au nyuma yake. Kwa hiyo ukiambiwa una presha ya macho, omba uonyeshwe ramani na umuulize daktari weusi umekomea kwenye mstari upi.

Katika ziara hiyohiyo daktari bingwa wa macho atakutazama ndani ya jicho. Usishangae akikuambia kichwa cha neva kinaonekana kizuri, kwani mgandamizo wa miezi michache unaweza usiache alama hapo. Kikishapauka, maana yake ni kwamba nyuzi zimeanza kufa. Penye mashine ya OCT, inayopima unene wa matabaka ya retina kwa mwanga, iombe pia, kwa sababu inatoa jambo ambalo ramani ya uoni haitoi, nalo ni matarajio. Tabaka la seli za neva likiwa bado na unene wa kawaida, uoni una nafasi nzuri ya kurudi baada ya mgandamizo kuondolewa. Likiwa limekonda sana, nafasi hiyo hupungua.

Sasa tuje kwenye picha. Kuhusu CT yako nasema hivi: uvimbe uliokua kiasi cha kugusa neva za macho mara nyingi huonekana hata kwenye CT ya kawaida, lakini tezi imezungukwa na mifupa minene inayoharibu picha, na msomaji aliyeandikiwa neno "maumivu ya kichwa" peke yake hutafuta damu, kiharusi na uvimbe wa ubongo, si kishimo kilicho chini kabisa. Si vibaya kuomba picha zilezile zisomwe upya na mtu aliyeambiwa kuwa uoni wa pembeni umepungua. Hata hivyo kipimo cha kuthibitisha ni MRI, tena MRI ya tezi ya pituitari na si ya ubongo kwa jumla. Tofauti yake ni kwamba vipande vya picha ni vyembamba, kama milimita 2 au 3, vinakatwa kwa mbele na kwa ubavu kupitia kwenye tezi, na vinapigwa kabla na baada ya kuchomwa dawa ya gadolini kwenye mshipa. Karatasi ya rufaa iandikwe wazi "tezi ya pituitari na makutano ya neva za macho". Kukosekana kwa maneno hayo kumewarudisha wagonjwa wengi kwenye foleni mara ya pili. Mtaje mapema kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, chuma mwilini au ugonjwa wa figo.

Katika ripoti ya MRI utatafuta mambo mawili. La kwanza ni ukubwa. Uvimbe wenye milimita 10 au zaidi huitwa mkubwa, na ulio chini ya hapo huitwa mdogo. Vivimbe vidogo ni vingi sana. Takriban mtu mmoja kati ya kumi akipigwa MRI hukutwa nacho bila kuwa na ugonjwa wowote. Kwa sababu hiyo kivimbe cha milimita 4 hakiwezi kueleza kupotea kwa uoni wa pembeni, na anayekuambia kimeeleza ameacha kutafuta mapema mno. La pili ndilo linalojibu swali lako: je, makutano ya neva za macho yameguswa, yamenyanyuliwa au yamebonyezwa? Ripoti isiyosema chochote kuhusu hilo haijakamilika. Aghalabu uvimbe wenyewe huwa wa tezi na si saratani, ingawa mahali hapo huota pia uvimbe wa utando wa ubongo, vifuko vya majimaji vya kuzaliwa navyo, na wakati mwingine mshipa mkubwa wa damu uliovimba, ambao daktari wa upasuaji anapaswa kuutambua kabla hajashika kisu.

Damu itolewe saa 2 asubuhi au karibu yake, na itolewe kabla ya uamuzi wowote wa upasuaji. Kati ya homoni zote zitakazopimwa, nakuomba uielewe moja kwa undani, nayo ni prolaktini, kwa sababu ndiyo inayoamua kama utatibiwa kwa vidonge au kwa kisu.

Kiwango cha kawaida cha prolaktini kwa mwanamume ni chini ya nanogramu 20 hivi kwa mililita. Uvimbe mkubwa unaoizalisha homoni hiyo huipandisha mpaka mamia au maelfu, na ikivuka 250 hakuna maelezo mengi mengine. Uvimbe wa namna hii hunywea kwa vidonge vya kabergolini, hata ukiwa mkubwa sana, na upasuaji mara nyingi hauhitajiki. Lakini uvimbe mkubwa usiozalisha homoni yoyote nao huipandisha prolaktini kidogo. Ubongo huizuia prolaktini muda wote kwa kemikali inayoshuka kupitia shina la tezi. Shina likibanwa, kizuizi hicho hakifiki, na kiwango hupanda, kwa kawaida bila kuvuka 100. Uvimbe wa aina hii vidonge haviupunguzi, na kama umebonyeza neva za macho huondolewa kwa upasuaji unaopitia puani. Kuna na dawa zinazopandisha prolaktini, ikiwemo metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika ambayo watu wa kipandauso hupewa sana, pamoja na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Orodha ya kila unachokunywa iende nawe.

Mtego mkubwa uko hapa. Mashine nyingi za maabara hupima prolaktini kwa kuishika kati ya vinasio viwili, kimoja kila upande, na kuhesabu jozi zilizoshikwa. Homoni ikiwa nyingi kupita kiasi, kila kinasio hujaa homoni yake peke yake, jozi hazifungiki, na mashine husoma kiwango kidogo cha uongo. Dawa ya mtego huu ni rahisi: maabara huombwa kuichanganya damu na kimiminika, sehemu 1 kwa 100, kisha kupima tena. Mashine za kisasa zimepunguza tatizo hili, ila sioni sababu ya kulikisia pale uvimbe ni mkubwa na namba ni ndogo.

Tuseme kuna mtu wa umri wako, mwenye dalili kama zako. Ramani ya uoni inaonyesha robo za juu za nje zimepotea kwa macho yote mawili na upotevu umeanza kushuka. MRI inaonyesha uvimbe wa milimita 34 ulionyanyua makutano. Prolaktini inasoma 74. Kwa namba hiyo kila mtu mezani atasema huu si uvimbe wa prolaktini, shina limebanwa tu, na tarehe ya upasuaji itapangwa. Daktari wa homoni anauliza swali moja: damu ilichanganywa? Haikuchanganywa. Inarudiwa kwa 1 kwa 100 na sasa inasoma 5,200. Mgonjwa yuleyule, uvimbe uleule, na tiba imegeuka kabisa. Anaanza kabergolini robo miligramu mara mbili kwa wiki, kisha kipimo kinaongezwa taratibu. Ramani ya uoni inarudiwa baada ya wiki mbili, kwa kuwa kwenye uvimbe wa aina hii uoni unaweza kuanza kurudi ndani ya siku au wiki chache, kabla hata MRI haijaonyesha mabadiliko makubwa. Ramani ingekuwa mbaya zaidi, upasuaji ungerudi mezani bila kusubiri. Anaonywa pia kwamba akianza kutokwa na maji yasiyo na rangi puani, hasa akiinama, arudi upesi, kwani uvimbe ukinywea haraka unaweza kuacha tundu linalovujisha maji ya ubongo na kufungua njia ya homa ya uti wa mgongo.

Mtu huyohuyo anatufikisha kwenye TSH yako. Tezi ya shingo huagizwa na pituitari kwa homoni ya TSH. Kama tezi ya shingo yenyewe ndiyo mgonjwa, TSH hupanda, na ndiyo maana kipimo hicho kinatumika sana. Lakini kama anayeagiza ndiye mgonjwa, TSH inaweza kuonekana ya kawaida huku homoni yenyewe ikiwa imepungua. Kipimo unachokosa ni T4 huru, kinachopima homoni hiyo yenyewe. Katika mfano wetu TSH ni 1.6, namba nzuri kabisa kwa macho, na T4 huru iko chini ya kiwango. Baridi na uchovu unaovieleza vinaweza kuwa na chanzo hicho hicho. Hamu iliyopungua inahitaji testosteroni ya asubuhi ipimwe pamoja na LH na FSH, homoni mbili za pituitari zinazoiagiza. Testosteroni ikiwa chini na hizo mbili hazijapanda, kosa liko kwa mwagizaji. Kwa mwanamke, hedhi iliyokoma au maziwa yanayotoka bila kunyonyesha humpeleka hospitalini mapema. Mwanamume hana kengele hiyo, naye hulaumu umri. Huongezwa pia IGF-1, kwa ajili ya homoni ya ukuaji, hasa kama pete na viatu vimeanza kubana.

Homoni ambayo kuikosa kunaua ni kortisoli, ambayo nayo huagizwa na pituitari. Kiwango cha asubuhi kilicho chini ya mikrogramu 3 kwa desilita kinaonyesha upungufu, kilicho juu ya 15 kwa kawaida kinauondoa, na kilicho katikati huhitaji kipimo cha kuichochea kwa sindano. Kama umechomwa au umekunywa dawa za jamii ya prednisoloni au deksamethasoni hivi karibuni, ziseme, kwa kuwa huipotosha namba hiyo. Na ikitokea kortisoli na T4 huru zote ziko chini, kortisoli irudishwe kwanza, kwa haidrokotisoni, kisha ndipo thairoksini, dawa ya kurudisha T4, ianze. Thairoksini ikitangulia huharakisha matumizi ya kortisoli kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuanguka kwa shinikizo la damu lililoshuka. Ukiandikiwa thairoksini kabla kortisoli haijapimwa, uliza kabla ya kumeza.

Kuhusu maumivu ya kichwa nitakuwa mwangalifu. Uvimbe huweza kuyaleta kwa kuvuta utando unaoufunika au kwa kusukuma ubavuni, lakini ukali wake haufuati ukubwa, na watu wengi wana uvimbe wa tezi na kipandauso kwa wakati mmoja. Yanaweza kubaki hata uvimbe ukishatibiwa. Yasitumike kupima maendeleo. Ramani ya uoni ndiyo itumike.

Kuna hali moja ambayo hutasubiri miadi. Kichwa kikipasuka kwa maumivu ya ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, pamoja na kutapika, kope kuanguka, kuona vitu viwiliviwili, uoni kushuka ndani ya saa chache au kuzimia, nenda kwenye chumba cha dharura saa hiyohiyo na useme kuwa unachunguzwa uvimbe wa pituitari. Huenda uvimbe umevuja damu ndani yake. Huko watatoa damu ya vipimo na kukuchoma haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 100, bila kungoja majibu, kisha picha ifuate.

Mpaka ramani ya uoni ipatikane, usiendeshe gari wala pikipiki, na usipande ngazi za ujenzi. Mwambie daktari wa macho kwa maneno haya: "Najigonga pande zote mbili, naomba nipimwe eneo la kuona jicho moja moja." Akikuta upotevu wa nje kwa macho yote mawili, MRI ya tezi na damu ya asubuhi vifanyike ndani ya siku chache, na majibu yaende kwa daktari wa homoni na daktari wa upasuaji wa ubongo kwa pamoja. Akikuta ramani safi ya kuaminika, makutano yako hayajabanwa kiasi cha kuonekana kwenye ramani, lakini T4 huru, kortisoli na testosteroni bado zipimwe, kwa sababu uchovu na baridi yako havijapata maelezo.